Nikiombwa nasema sawa, kisha nawachukia wote ofisini

*Daktari, nina miaka 31, ni mhasibu msaidizi katika kampuni ya kusambaza bidhaa hapa Industrial Area. Kazi yangu ni mishahara na makato, lakini ukiingia ofisini utanikuta nikifanya ya kila mtu. Watu wa mauzo wananiletea risiti za masurufu niwapangie, meneja ananitumia ujumbe wa WhatsApp usiku, na huu ni mwaka wa tatu mimi ndiye mweka hazina wa michango ya wafanyakazi. Mtu akisema "nisaidie kidogo tu", nasikia mdomo umeshasema sawa kabla sijafikiri. Natoka saa mbili usiku, nikifika Utawala mtoto amelala. Siku hizi nimeanza kuwachukia. Mwezi uliopita nililia chooni kwa sababu mtu hakuniambia asante. Likizo sijaenda tangu mwaka jana mwanzoni. Nikianza kukataa si wataniona nina madharau? Na kazi je, nikiipoteza? – Mhasibu, Nairobi*

Dada yangu, tuanze na huo mdomo unaotangulia akili. Wengi wanaoandika kama wewe wameshaambiwa na ndugu na marafiki kwamba dawa ni "kuwa na msimamo", na wakishindwa wanajiona dhaifu zaidi. Mimi naona mtu ambaye mwili wake umejifunza somo fulani na kulishika vizuri mno.

Angalia kinachotokea kwa karibu. Kijana wa mauzo anasimama mbele ya meza yako na bahasha imejaa risiti za petroli, maegesho na chakula cha mchana. Hajamaliza sentensi, tayari kifua kimebana. Unauona uso wake utakavyokunjamana, unayasikia yatakayosemwa kwenye foleni ya chai. Ukisema "sawa, iache hapo", ule mbano unaachia papo hapo. Yeye anatabasamu, wewe unapumua. Nafuu umeipata ndani ya sekunde mbili, lakini gharama utaidaiwa saa moja usiku ukiwa peke yako na mlinzi getini. Wanaosoma tabia wamelijua hili tangu enzi za mwanasaikolojia B. F. Skinner: jambo linaloondoa adha mara moja hurudiwa, hata kama baadaye linaleta adha kubwa zaidi. Mwili hauangalii mwisho wa siku. Ndiyo maana unaweza kuapa Jumapili usiku kwamba wiki hii hukubali cha mtu, na Jumatatu kabla ya chai umeshakubali mawili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutenganisha ombi na jibu. Kukataa kutakuja baadaye. Wiki mbili za mwanzo usimkatalie mtu yeyote. Badala yake, kila ombi ambalo si la dharura ya kweli lipe saa: "Nimesikia. Nitakujibu saa nane." Basi, urudi kwenye kompyuta yako. Ile saa uliyotaja ni muhimu, na ni muhimu zaidi kwamba saa nane ikifika ujibu wewe mwenyewe bila kungoja kufuatwa. Sisi tuna majibu yetu ya adabu, "nitaangalia", "tutaona", "labda baadaye", ambayo mbele ya jirani yanaeleweka kwamba ni hapana ya upole. Ofisini hayaeleweki hivyo. Aliyeambiwa "nitaangalia" anaandika moyoni kwamba umekubali, na kesho anakuja kuuliza umefika wapi. Umepata deni bila hata kulikubali.

Katika wiki hizo hizo, weka daftari. Wewe ni mhasibu, hili halitakushinda. Andika nani ameomba, ameomba nini, imekula muda gani, na kazi yako ipi imesogezwa ili hiyo ipate nafasi. Hiyo safu ya mwisho ndiyo yenye habari. Watu wengi wakiijaza wanagundua kwamba hawazidiwi na ofisi nzima, bali na watu wawili au watatu na aina mbili za kazi zinazojirudia. Ukisema "kila mtu ananitumia" hutajua pa kuanzia. Ukijua kwamba risiti za vijana wawili wa mauzo zinakula Ijumaa yako nzima, unajua.

Sasa niseme juu ya asante na machozi ya chooni, maana hapo ndipo penye kiini cha barua yako.

Hukulia kwa sababu ya neno moja. Ulilia kwa sababu kwa muda mrefu umekuwa ukifungua hesabu za watu wasiojua kwamba wana hesabu kwako. Kila "sawa" uliiandika kama mkopo: leo nakupangia risiti, siku nikikwama utanikumbuka, nimebeba mchango wa matanga ya babako, utaona nimechoka na utaniambia niende nyumbani. Mkopaji hakusaini popote. Kwake yeye umeombwa, umekubali, tena kwa uso mkunjufu, na mambo yameisha. Siku anachukua kazi aliyofanyiwa na kuondoka kimya, wewe unaona mdaiwa sugu, yeye anaona Alhamisi ya kawaida.

Mwaka 2008 watafiti wawili, Francis Flynn na Vanessa Lake, walichapisha majaribio ambayo huwa nawasimulia wateja wangu. Waliwatuma watu kuwaomba wageni msaada mdogo, kama kujaza fomu ya maswali au kuazimwa simu, na kabla ya kwenda wakawauliza: unadhani utalazimika kuwaomba watu wangapi mpaka upate idadi unayotaka? Waombaji walikisia watu wengi kuliko waliohitajika kweli. Walioombwa walikubali kwa urahisi zaidi ya walivyotarajiwa. Sababu mojawapo ni kwamba mwombaji hufikiria ukubwa wa ombi lake, lakini haoni jinsi ilivyo vigumu kwa aliyeombwa kutamka "hapana" ana kwa ana. Kijana wa mauzo hajui kifua chako kilibana. Anadhani kama ingekuwa shida ungesema. Sisemi hana kosa. Wengine wanajua fika na wanatumia nafasi. Lakini chuki uliyonayo imejengwa juu ya dhana kwamba wote wanaona na hawajali, na sehemu kubwa ya dhana hiyo si kweli.

Kinyongo chenyewe usikipige vita, usikiombee kitoke. Kitumie. Jina likitokea kwenye simu na ukajikuta unasonya kabla hujasoma ujumbe, rudi kwenye daftari uone ulimkubalia nini mara ya mwisho bila kutaka. Mara nyingi utakuta pale pale.

Jambo lingine kabla hatujafika kwenye maneno ya kusema. Umetaja uweka hazina kama kitu cha kawaida tu. Mwaka 2017, Linda Babcock na wenzake watatu walichapisha utafiti katika jarida la American Economic Review kuhusu kazi ambazo lazima mtu azifanye lakini hazimpandishi cheo anayezifanya. Waliweka watu watatu watatu, kila mmoja kwenye kompyuta yake, wakiwa na dakika mbili za kuamua nani abonyeze kitufe. Akibonyeza mmoja, wote wanafaidika, ila yeye anafaidika kidogo kuliko wenzake. Kwenye makundi yaliyochanganya wanaume na wanawake, wanawake walibonyeza zaidi. Lakini wanaume walipokuwa peke yao, walibonyeza kama kawaida na kazi ikafanyika. Na mtu wa nje alipopewa ruhusa ya kuomba mmoja ajitolee, aliwaomba wanawake zaidi. Kwa hiyo si kwamba una roho ya huruma kuliko wenzako na wao wana roho ngumu. Chumba kizima kinakutazama wewe, wewe unajua kinakutazama, na kimya kikizidi sekunde kumi unajitokeza. Siku usipojitokeza, mwingine atabonyeza.

Daftari likishajaa wiki mbili, chagua mtu mmoja na kazi moja. Usianze na meneja, na usianze na yule mama mkubwa wa ofisi ambaye kila mtu anamwogopa. Anza na risiti za masurufu, kwa sababu hapo una hoja ambayo si ya kwako binafsi. Aliyechukua masurufu ndiye anayepaswa kuyarejeshea hesabu. Wewe ukizipanga risiti, ukajaza fomu kwa mwandiko wako, kisha zikaingia vitabuni kupitia idara yako hiyo hiyo, umevunja kanuni ya msingi ya udhibiti: anayetayarisha hesabu asiwe ndiye anayeipitisha. Siku mkaguzi akikuta risiti ya petroli ya Jumapili kwa gari lililokuwa limeegeshwa, atauliza mwandiko ni wa nani. Huo si wema tena, ni hatari.

Maneno yenyewe yawe mafupi. Msalimie, muulize habari za Thika road alikotoka, kisha: "Hizi risiti sitazipanga tena, maana mimi ndiye nazipokea na mkaguzi hatanielewa. Ijumaa saa nane njoo nazo, nikuonyeshe fomu inavyojazwa, dakika ishirini tu. Mwezi ujao utazileta zimeshapangwa." Halafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi wanaanguka. Kimya kinawachoma, wanaanza kuongeza: unajua pia mtoto anaumwa, halafu makato hayajaisha, na leo kichwa kinaniuma. Kila sababu unayoongeza ni mlango. Ukisema mtoto anaumwa, kesho ataulizia mtoto, akisikia amepona atakuletea bahasha. Sababu moja ya kweli inatosha. Sababu ya uongo ni mbaya zaidi, kwani utalazimika kuilisha.

Baada ya hapo mambo yatakuwa mabaya kidogo kabla hayajatengemaa, na nataka ujue mapema ili usidhani umekosea. Mtu aliyezoea kupata kitu kwa kuomba mara moja, siku akikikosa haachi. Anaomba kwa nguvu zaidi. Atarudi na sauti tamu: "Lakini si wewe ndiye mtaalamu wa Excel hapa?" Akikosa, atatania mbele za watu: "Siku hizi umekuwa mtu mkubwa." Akikosa tena, anaweza kununa, au kumpitishia meneja neno. Hili linajulikana na linapita, kwa sharti moja. Ukikataa mara mbili ukakubali mara ya tatu, hujamfundisha kwamba mambo yamebadilika. Umemfundisha kwamba bei yako sasa ni kuomba mara tatu, na safari ijayo ataanzia hapo. Ni heri ukubali mwanzoni kabisa kuliko kukubali baada ya kusukumwa. Kwa hiyo usitangaze mpaka ambao hujajiandaa kuulinda kwa mwezi mzima. Ndiyo sababu nimekwambia kazi moja tu.

Na wewe mwenyewe utasumbuliwa na hatia. Itakuja jioni, kwenye matatu, ukiwa umeegemea dirisha foleni ya Mombasa Road haisogei: nimemwonea, kwani dakika ishirini zingeniua? Hatia hiyo si ushahidi kwamba umekosa. Ni ile adha ya zamani ambayo ulikuwa unaizima kwa "sawa", sasa haijazimwa. Ikiachwa hupungua yenyewe, na kila ukirudia inakuja ikiwa na nguvu kidogo. Kinachoifanya idumu ni kuilipa: kumtumia ujumbe wa kuomba msamaha saa tatu usiku, kumnunulia chakula kesho yake, au kumalizia zile risiti kwa siri "mara hii ya mwisho". Nawajua wengi waliokataa mchana wakafidia usiku, na mwisho wa mwezi hesabu ikawa ile ile.

Swali lako la madharau. Nimekaa na watu wa ofisi nyingi za mji huu, na ninachoona ni kwamba watu wetu hawalioni dharau katika neno hapana lenyewe. Wanaliona katika namna linavyokuja: umejibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu, hukusalimu, umesema mbele za watu, au umekataa kazi na pia hukuonekana kwenye matanga. Mtu anayekataa kupanga risiti lakini akasimama na mwenzake siku ya msiba haitwi mwenye madharau kwa muda mrefu. Atasemwa wiki mbili, kisha watu watazoea.

Kwa hiyo michango usiiache, acha kuishika. Ni vitu viwili tofauti, na nafikiri umevichanganya kwa sababu ulivipokea pamoja. Kwenye kikao kijacho cha wafanyakazi, sema mapema kabisa na si mwishoni wakati watu wanabeba vikombe: "Nimeshika hazina miaka mitatu. Mwisho wa mwezi ujao nakabidhi. Naomba tuchague mtu leo." Taja tarehe. Andaa taarifa ya fedha zote, nani ametoa, nani amepewa, salio la M-Pesa ni kiasi gani, na mkabidhi mwenzako mbele ya mashahidi wawili. Kikao kitanyamaza. Mtu atasema "lakini wewe umezoea". Jibu: "Ndiyo, ndiyo maana nitamsaidia atakayechaguliwa kwa mwezi mmoja." Usijaze kile kimya. Na wasipochagua mtu siku hiyo, tarehe yako ikifika toa taarifa, kabidhi fedha kwa mwenyekiti, na uache kupokea. Michango ikikwama wiki moja, mweka hazina atapatikana.

Tumefika kwa meneja, na hapa sitakudanganya. Kumwambia bosi hapana katika mji ambao watu wanaacha wasifu wa kazi getini kila asubuhi si sawa na kumwambia mwenzako. Hofu yako ya kazi ina msingi. Kwa meneja hutumii hapana. Unamrudishia uamuzi, kwa maandishi, ukiwa na saa za kazi ndani yake.

Chukua mfano huu. Ni Alhamisi tarehe 7, saa tisa alasiri. Uko kwenye iTax unaandaa PAYE, na bado NSSF na SHIF, yote mwisho wake tarehe 9, ambayo ni Jumamosi. Ujumbe unaingia: "Nahitaji ripoti ya wadeni haraka." Ile wewe ya zamani ingejibu "Sawa meneja" na kulala saa saba usiku. Sasa andika hivi: "Nimepokea, meneja. Sasa hivi nipo kwenye PAYE na NSSF ambazo mwisho ni Jumamosi tarehe 9, na zimebaki kama saa nne. Ripoti ya wadeni itachukua saa tatu. Nianze na ripoti leo, makato niyamalize kesho, au nimalize makato kwanza na ripoti uipate kesho saa kumi? Naomba uniambie ipi itangulie."

Hapo hujalalamika wala hujasema huwezi. Umemwonyesha kitu ambacho haoni kutoka ofisini kwake, kwamba kuna kazi mbili na mtu mmoja, na umempa njia mbili ambazo zote unaweza kuziishi. Hilo la mwisho ni la lazima. Usimpe chaguo ambalo akilichagua utaumia. Mara nyingi utagundua kwamba "haraka" yake ilikuwa na maana ya Jumatatu, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wapo watakaojibu "zote mbili". Basi punguza ukubwa wa kazi badala ya kuongeza usiku: "Sawa. Leo nitakupa wadeni kumi wakubwa, orodha kamili Jumatatu saa sita." Sehemu kubwa ya pesa inayodaiwa huwa imekaliwa na wateja wachache, kwa hiyo kumi wa juu pengine ndio aliowataka. Hizo jumbe za usiku, zungumza naye mara moja mchana, uso kwa uso, muulize ni mambo gani akiyatuma usiku anataka yajibiwe usiku huo huo. Utapata orodha fupi: labda benki, labda lori limezuiliwa njiani. Hayo yajibu. Mengine yajibu saa mbili asubuhi, kila siku, bila kuomba radhi kwa kuchelewa. Ukijibu usiku mmoja na kuacha usiku mwingine, atakuwa anakisia, na anayekisia hutuma zaidi.

Njia hii inafanya kazi kwa meneja asiyeona. Haifanyi kazi kwa meneja anayeona na kuadhibu. Utamtambua kwa namna anavyolijibu swali la "ipi itangulie": badala ya kuchagua, anakutisha, au siku ya tathmini anakushutumu kwa kazi aliyoisogeza yeye. Ikitokea hivyo zaidi ya mara moja, hifadhi zile jumbe, anza kutafuta kazi kwingine kimya kimya, na usipoteze nguvu ukijilaumu kwamba hujui kukataa vizuri.

Mwisho ni uchovu, ambao nisingependa tuuhesabu wote kuwa wa kazi kabla haujaangaliwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliufafanua upya uchovu wa kupindukia wa kazini katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likieleza wazi kwamba si ugonjwa bali ni hali inayotokana na msongo wa kazi uliodumu bila kushughulikiwa. Uchovu huo una alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona kwamba huna ufanisi tena. Mbili za kwanza umeziandika mwenyewe. Lakini mwanamke wa miaka 31 anayechoka hivi anaweza pia kuwa na upungufu wa damu, au tezi ya shingo haifanyi kazi sawasawa, na hayo hayatibiwi kwa kukataa masurufu. Pima damu kwanza, haichukui muda.

Kisha jichunguze siku mbili za mapumziko ya kweli, simu ikiwa kabatini. Uchovu wa kazi hulegea ukiwa mbali na kazi. Utacheka na mtoto, chakula kitakuwa na ladha. Ukikuta kwamba hata vile ulivyokuwa ukivipenda havina maana, usingizi umeharibika, na hali hiyo imekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hiyo inaweza kuwa sonona, na inahitaji daktari au mshauri wa saikolojia ana kwa ana. Ukijikuta unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, usingoje hizo wiki mbili, nenda siku hiyo hiyo.

Na likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kwa kila miezi 12 uliyofanya kazi, na angalau siku moja ya kupumzika katika kila saba. Huombi hisani. Usiende kwa meneja kuuliza "naweza kupata likizo?" maana mwezi mbaya hautakosekana. Chukua kalenda, ruka kipindi cha kuandaa mishahara na zile siku za kwanza mpaka tarehe 9, ruka na tarehe 20 ikiwa VAT nayo iko mikononi mwako, halafu jaza fomu kuanzia tarehe 10 kwa siku saba za kazi. Andika kwenye fomu hiyo hiyo nani atashika nini ukiwa haupo, na umfundishe wiki moja kabla. Fomu ya siku zilizobaki iwasilishe siku utakayorudi, kabla meza haijajaa tena.